Jinsi ya kukata tiketi ya kwanza ya kwenda kazini Riyadh

Kabla ya kumlipa mtu yeyote fedha ya tiketi, weka mezani vitu vitatu: pasipoti, viza ya kazi iliyokwisha kutoka, na mkataba uliosainiwa. Tiketi inayokatwa kabla ya viza kutoka ni hasara inayosubiri, kwa sababu viza ikichelewa wiki moja tu, tiketi ya bei nafuu kwa kawaida hairudishiwi fedha, na kubadilisha tarehe kuna gharama yake. Soma pia kifungu cha mkataba kinachohusu usafiri. Kwa wafanyakazi wa ndani wanaokwenda Saudia kwa mkataba uliosajiliwa Musaned, mfumo wa serikali ya Saudia wa kuajiri wafanyakazi wa ndani, nauli ya kwenda ni jukumu la mwajiri, kwa hiyo wakala wa ajira akikudai nauli hiyo, mwombe akuonyeshe kifungu kinachosema hivyo.

Jina kwenye tiketi lifuate pasipoti herufi kwa herufi. Tazama mistari miwili ya chini kwenye ukurasa wa picha: jina la ukoo ndilo linalotangulia, kisha majina mengine. Anayeitwa Juma Hassan Ali ataonekana kwenye tiketi kama ALI/JUMA HASSAN MR, na hilo si kosa. Kosa ni HASAN badala ya HASSAN, na lirekebishwe siku ile ile ya kukata, kwani kadiri siku zinavyopita ndivyo marekebisho yanavyozidi kuwa magumu na ghali.

Sasa tufike kwenye jambo lililonigharimu mimi nauli nzima. Wakala wa tiketi alinipa safari ya Dar es Salaam hadi Dubai kwa shirika moja, na Dubai hadi Riyadh kwa shirika jingine, akaniambia kwamba ni tiketi moja ya kuunganisha na kwamba ndiyo nafuu kuliko zote. Pale kaunta ya uwanja wa Dar es Salaam mhudumu aliona safari moja tu kwenye mfumo wake, ile ya kuishia Dubai, akaniuliza viza ya Emirati iko wapi. Sikuwa nayo, kwani viza yangu ilikuwa ya Saudia. Alinieleza kwa utulivu kwamba begi langu lingeishia Dubai, ningelazimika kupita uhamiaji ili nilichukue na kulipeleka kaunta nyingine, na Mtanzania hapiti uhamiaji wa Dubai bila viza. Hakunipandisha ndege, na kwa kanuni zake alikuwa sahihi, kwa sababu shirika linalombeba abiria asiye na nyaraka za kuingia linatozwa faini na kulazimika kumrudisha. Wakala hakurudisha hata shilingi, akasema tiketi zote mbili zilikuwa halali.

Ni kweli kwamba zilikuwa halali, ila zilikuwa mbili. Kinachotakiwa ni safari nzima, kuanzia Dar es Salaam hadi mji ulioandikwa kwenye mkataba, iwe chini ya PNR moja, yaani namba ya kushikia nafasi, ule mchanganyiko wa herufi na tarakimu ambazo jumla yake ni sita, na iwe kwenye tiketi moja. Chukua mfano wa kupitia Addis Ababa kwa Ethiopian: waraka mmoja unaonyesha DAR–ADD, chini yake ADD–RUH, RUH ikiwa ni Riyadh, na namba moja ya tiketi yenye tarakimu 13 inayoanza na 071, ambayo ni namba ya shirika hilo. Ukiwa na tiketi ya namna hiyo, begi linakwenda moja kwa moja hadi Riyadh, wewe unabaki ndani ya uwanja wa Bole, Addis Ababa, ukisubiri ndege ya pili, na huhitaji viza ya Ethiopia. Ndege ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, ni wajibu wa shirika kukutafutia nafasi nyingine, ilhali kwa tiketi mbili zisizohusiana unanunua upya kwa fedha yako.

Usikubali waraka wenye PNR bila zile tarakimu 13. Huo unaonyesha kwamba nafasi imeshikwa tu na haijalipiwa, na muda wake ukiisha mfumo unaifuta bila kukutaarifu. Ingia wewe mwenyewe kwenye tovuti ya shirika, andika PNR na jina la ukoo, uone kama namba ya tiketi ipo.

Hapo hapo soma saa kwa makini, kwa sababu tiketi haifuati saa zetu. Tiketi iliyoandikwa 03:40 tarehe 15 ina maana ya saa tisa na dakika arobaini za usiku, na kwa hesabu yetu usiku huo ni ule wa kuamkia tarehe 15. Unatoka nyumbani jioni ya tarehe 14. Ukienda uwanjani jioni ya tarehe 15, ndege imekwisha kuondoka, na ukikosa kipande cha kwanza, kwa kawaida vipande vinavyofuata hufutwa navyo.

Wengi huogopa kwamba tiketi ya kwenda tu itawafanya wazuiwe. Mwenye viza ya kazi hadaiwi tiketi ya kurudi, kwa kuwa anakwenda kuishi kule. Isitoshe, tiketi ya kwenda na kurudi kwa kawaida haidumu zaidi ya mwaka mmoja, wakati mikataba mingi ni ya miaka miwili, hivyo sehemu ya kurudi ingekufa kabla hujaitumia. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Kazi ya Saudia kinamtwika mwajiri nauli ya kumrudisha mfanyakazi kwao mkataba unapokwisha. Wafanyakazi wa ndani wana kanuni zao, kwa hiyo wao waihakikishe nauli hiyo ndani ya mkataba wenyewe. Wakala wa ajira akikulazimisha ununue tiketi ya kurudi, kagua upya aina ya viza uliyopewa. Ikiwa ni ya matembezi, usisafiri nayo kwenda kufanya kazi, hata ukiahidiwa kwamba itabadilishwa ukishafika.

Kiasi cha mizigo kimeandikwa kwenye tiketi. 1PC ni begi moja, ambalo katika daraja la kawaida huwa la kilo 23; 2PC ni mabegi mawili; 30K ni kilo 30 kwa jumla. Penye 2PC huwezi kuleta begi moja la kilo 40, kwani viwanja vingi havipokei begi linalozidi kilo 32. Pima nyumbani au kwa muuza duka mwenye mizani, kwa sababu kilo za ziada zinazolipiwa kaunta ni ghali. Pawabenki hukaa kwenye begi la mkononi tu, isizidi Wh 100. Ile ya mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni Wh 74, hivyo inaruhusiwa. Dawa zenye tramadoli au kodeini usizichukue bila cheti cha daktari na kibali cha Saudia, na mirungi usiiguse kabisa. Pasipoti, viza, mkataba na majibu ya vipimo vya afya viwe mkononi, maana vikiwa ndani ya begi lililokwisha kupokelewa havikusaidii mbele ya afisa wa uhamiaji.

Mhudumu anapofunga lebo kwenye begi, isome kabla halijaondoka. Iwe na RUH kama mwisho wa safari. Ukiona ADD peke yake, mwombe airekebishe pale pale. Kipande cha lebo atakachokupa kitunze, kwa sababu begi lisipotokea Riyadh utakihitaji kwenye dawati la mizigo iliyopotea, na unatakiwa ufike hapo kabla hujatoka nje ya ukumbi wa forodha.