Kuvaa kofia ya wigi na kupasua njia juu ya nywele fupi

Nywele zenye urefu wa sentimita 2 hadi 3 husumbua chini ya wigi kuliko nywele za urefu mwingine wowote. Kichwa kilichonyolewa huipa kofia mahali laini pa kulala, na nywele ndefu husukwa mistari ikalala kabisa, lakini nywele fupi hazisukiki wala hazilali zenyewe. Husimama chini ya kofia kama springi nyingi ndogo, zikiiinua na kuisogeza kuelekea kisogoni kidogo kidogo kadiri saa zinavyopita. Athari yake huonekana kwenye paji la uso, ambapo wigi hurudi nyuma na kuacha ukingo wa nywele halisi wazi, na huonekana zaidi kwenye njia, yaani mstari unaogawa nywele pande mbili, ambayo hutuna na kuonyesha kivuli kisichofanana na ngozi ya kichwa.

Katika mwongozo huu nitafuata kichwa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho: mteja mwenye nywele zilizojikunja za sentimita 2, mzingo wa kichwa wa sentimita 56, na wigi la nywele za binadamu lenye lesi mbele, yaani kile kitambaa chembamba cha wavu ambamo nywele hufungwa moja moja. Lesi hiyo inaingia sentimita 10 kutoka kwenye paji la uso kuelekea utosini, na mteja anataka njia ya upande wa kushoto.

Hatua ya kwanza: kulaza nywele

Nyunyizia nywele maji hadi ziwe na unyevu bila kudondoka, kisha paka jeli kiasi cha kijiko kimoja cha chai, ukianzia kwenye paji la uso na kumalizia kisogoni. Zichane kwa brashi laini ukizielekeza nyuma, isipokuwa kwenye panja, ambako ni bora kuzielekeza chini na nyuma kwa mshazari ili zisijikusanye juu ya masikio. Funga kitambaa cha hariri au satini kwa dakika 15 hadi 20, na usikifungue mpaka nywele zikauke kabisa. Nawasihi wasomaji wasiharakishe hapa, kwa sababu nywele zenye unyevu zikifunikwa hunyanyuka tena zinapokauka chini ya kofia, na unyevu uliofungiwa huwasha ngozi na kuleta harufu.

Pitisha kiganja kichwani kutoka mbele kwenda nyuma. Ukihisi mahali palipoinuka, hasa sehemu ambayo njia itapita, ongeza jeli kidogo mahali hapo tu na ufunge tena. Kwa mteja wetu, sehemu hiyo ni ukanda wa upana wa vidole viwili unaoanza juu ya nyusi ya kushoto na kurudi nyuma.

Hatua ya pili: kofia

Kofia za wigi zinazopatikana kwa urahisi ni za aina mbili: ile ya wavu wenye matundu makubwa na ile ya kitambaa cha soksi. Ya wavu hupitisha hewa vizuri, lakini matundu yake huonekana kupitia lesi kwenye njia, na nywele fupi hupenya ndani yake. Kwa hiyo, kwa nywele fupi napendelea ya soksi. Rangi yake ichaguliwe kwa kulinganisha na ngozi ya kichwa, wala si ngozi ya uso, kwa sababu ngozi iliyofichwa na nywele haipigwi jua na mara nyingi ina weupe kidogo kuliko ya paji la uso. Tenganisha nywele za mteja kwa vidole karibu na utosi, weka kofia pembeni yake, na utazame kwenye mwanga wa dirishani. Ikiwa hakuna rangi inayolingana kikamilifu, chagua iliyo karibu na uirekebishe kwa poda, kama nitakavyoeleza.

Ingiza mikono yote miwili ndani ya kofia, itanue, kisha ivalishe kuanzia mbele hadi ifike kwenye nyusi. Ivute nyuma ifunike masikio na kisogo, ukihakikisha mshono uko nyuma na katikati. Baada ya hapo rudisha ukingo wa mbele taratibu mpaka usimame mahali unywele wa mwisho unapoota. Ukiuacha chini zaidi kwenye paji la uso, utaonekana chini ya lesi kama mstari ulionyooka. Ukiurudisha nyuma zaidi, nywele fupi za mbele zitachomoza. Toa masikio nje na uhakikishe kwamba ukingo haujajikunja, kwa maana mkunjo mmoja tu hufanya tuta linaloonekana hata chini ya lesi nzuri.

Kofia inayokaza kupita kiasi huacha alama kwenye paji la uso baada ya dakika chache na kuleta maumivu ya kichwa. Pia ndiyo inayoteleza nyuma upesi, kwa kuwa mpira wake hutafuta sehemu nyembamba ya kichwa. Kama kofia inateleza ingawa haikazi, vaa juu yake mkanda wa mahameli, sentimita moja nyuma ya ukingo, ambao hushika kofia kwa chini na wigi kwa juu bila gundi. Mkanda huo huongeza unene kidogo, kwa hiyo uwe mwembamba mbele, na ikiwezekana uwe na uwazi pale njia itakapopita.

Sasa paka poda ya rangi ya ngozi ya kichwa juu ya kofia, kwenye ule ukanda wa vidole viwili tu. Watu wengi hupaka poda kwenye lesi peke yake na kusahau kofia, ilhali kinachoonekana kupitia matundu ya lesi ni kofia hiyo. Njia ikionekana ya kijivu ingawa lesi imepakwa vizuri, sababu mara nyingi ni hiyo.

Hatua ya tatu: kuitayarisha njia wigi likiwa mezani

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na nashauri ifanywe wigi likiwa limebanwa kwenye kichwa cha bandia, si kichwani pa mtu. Kwanza, mvalishe mteja wigi bila kulibana, weka chanuo wima juu ya kilele cha nyusi ya kushoto, na utie alama kwa penseli laini ya nyusi pale chanuo linapokutana na lesi. Kisha livue na ulirudishe mezani.

Lowesha mizizi ya nywele kwenye alama hiyo. Kwa ncha ya chanuo lenye mkia, chora mstari kuanzia kwenye alama kurudi nyuma, ukiuelekeza kidogo upande wa utosi badala ya kuunyoosha sambamba na pua. Ikomeshe njia kabla ya mwisho wa lesi. Kwa lesi hii ya sentimita 10, njia ya sentimita 8 au 9 inatosha, kwa sababu baada ya hapo huanza mistari ya nywele zilizoshonwa kwa mashine, na ikifunuka hakuna poda itakayoificha. Gawa nywele pande mbili na uzishike kwa vibanio.

Wigi jipya huwa na nywele nyingi sana kando ya njia kuliko kichwa cha binadamu. Chukua kibano na uzipunguze, ukichomoa unywele mmoja mmoja, ukishika karibu na lesi na kuvuta kuelekea upande ambao unywele umelala. Punguza zaidi katika sentimita 2 au 3 za mwanzo, kwani njia halisi hupanuka kidogo inapokaribia paji la uso, na upunguze kidogo sana kadiri unavyorudi nyuma. Usichomoe mfululizo mahali pamoja. Chomoa nywele chache upande wa kulia, chache upande wa kushoto, kisha zichane, simama umbali wa mita moja na utazame. Mstari usiwe kama uliopigwa rula. Mikengeuko midogo ndiyo inayoufanya ufanane na wa kichwa. Unywele uliochomolewa kwenye lesi haurudi, kwa hiyo acha kazi ungali unadhani bado kidogo, kwa kuwa unaweza kuendelea siku nyingine.

Vitone vyeusi vya mafundo vikionekana kwenye njia, poda iliyobonyezwa kutoka upande wa chini wa lesi hufunika vingi. Kuvififisha kwa dawa ya kuondoa rangi kunawezekana, lakini dawa hiyo hudhoofisha mafundo na kusababisha nywele kung'oka, na haipaswi kamwe kupakwa wigi likiwa kichwani.

Mwisho, laza mizizi kwa chanuo la moto, ukilipitisha kutoka kwenye njia kwenda pembeni, kila upande mara moja au mbili. Kwa wigi la nyuzi za bandia fuata maelezo ya lebo, maana nyuzi za kawaida huyeyuka kwa joto. Yasipokuwepo, tumia povu la nywele na ufunge kitambaa hadi likauke.

Ipo njia isiyokubali kuhama. Ikiwa nywele zilifungwa kwenye lesi kwa kuelekezwa pande mbili kutoka katikati, zitarudi katikati hata baada ya joto. Jaribu kabla ya kuchomoa unywele wowote: lowesha, chana, acha zikauke bila vibanio. Zikirejea, mshauri mteja akubali njia ya katikati, au ile inayosogea sentimita 1 au 2 tu kutoka hapo.

Hatua ya nne: kulivaa na kulikagua

Valisha wigi kutoka mbele. Lesi ipite ukingo wa kofia kwa takriban nusu sentimita ili ilale juu ya ngozi tupu, na vile vipande vya mbele ya masikio vilingane urefu, kwani kimoja kikipanda, njia nzima hupinda. Kaza mikanda ya kisogoni hadi wigi litulie bila kubana. Sasa tu ndipo ukate lesi iliyozidi, kwa mikato midogo isiyo sawa, ukiacha milimita 2 au 3. Ukitumia gundi, ijaribu kwanza nyuma ya sikio na usubiri saa 24, kisha ipake kwenye ngozi tupu pekee, kamwe si juu ya nywele fupi za ukingoni, kwa sababu huzing'oa wakati wa kuivua.

Mweke mteja mwanga ukimpiga kutoka pembeni, mwambie ainame na kutikisa kichwa, kisha upige picha kwa mwanga wa simu. Miraba ya wavu ikionekana kwenye njia, kofia ina matundu au lesi ni nene. Njia ikiwa na mgongo, bonyeza kwa kidole: mgongo ukizama na kurudi, nywele za chini zimesimama na inabidi urudi hatua ya kwanza; mgongo usipozama, mizizi ya wigi ndiyo inayohitaji kulazwa. Kwa mteja wetu mgongo ulizama na kurudi sentimita 4 kutoka kwenye paji la uso, mahali ambapo jeli haikukauka vizuri. Tulivua wigi na kofia, tukalaza upya sehemu hiyo peke yake kwa dakika 20, na njia ikalala.