Uchunguzi au kufundisha moja kwa moja? Tumia somo la pendulumu kuamua

Kuna mwalimu mwenzangu ameniuliza awaachie wanafunzi wagundue wenyewe au awaeleze tu, nikamwambia usiamue kwa somo zima, amua kipande kwa kipande. Nachukulia pendulumu, yaani kizito kimefungwa kwenye uzi kinabembea. Swali: muda wa bembeo unategemea uzito au urefu wa uzi?

Hatua ya 1. Yale ambayo watu walikubaliana tu, kama bembeo moja ni kwenda na kurudi, waambie. Hakuna cha kugundua hapo.

Hatua ya 2. Wafundishe moja kwa moja jaribio la haki, kubadilisha kitu kimoja na kuacha vingine vilevile. Hapa sibishani na mtu. Watafiti Klahr na Nigam mwaka 2004 walilinganisha watoto wa darasa la tatu na la nne, na waliofundishwa mbinu hii wazi wakaimudu wengi zaidi kuliko walioachwa waigundue wenyewe. Onyesha jaribio moja zuri na moja bovu, afu waulize bovu limekosea wapi. Akijibu "umebadilisha uzi na uzito pamoja" yuko tayari, akikuangalia tu ongeza mfano mwingine.

Hatua ya 3. Kupima. Hapa ndipo uchunguzi huwa unafia bila mtu kujua, kwa hiyo simama nao. Wapime bembeo 10 kwa mpigo wagawe kwa 10, maana kidole kwenye saa huchelewa, na wasivute kizito mbali sana pembeni. Lakini balaa kubwa ni urefu: unapimwa kutoka pale uzi ulipofungwa juu hadi KATIKATI ya kizito, sio hadi kwenye fundo. Tuseme uzi ni sentimita 25 hadi katikati ya kigololi kidogo, bembeo 10 ni kama sekunde 10. Mtoto anaweka kizito kikubwa, fundo liko palepale lakini katikati imeshuka sentimita 3, sasa anapata kama 10.6, na anaandika kwa furaha kwamba uzito unachelewesha! Kafuata utaratibu wote, jibu bado bovu, na kesho kulitoa kichwani ni kazi. Mipira ya saizi moja yenye uzito tofauti inaepusha hili. Ukikosa, afupishe uzi mpaka katikati irudi 25.

Hatua ya 4. Sasa waachie wajaribu wenyewe wajue ni uzito au urefu.

Wale wanaojua jaribio la haki tayari usiwarudishe hatua ya 2, mifano iliyotatuliwa inawachosha na inaweza hata kuwapunguzia kasi. Wape swali gumu: ili muda uwe mara mbili, uzi urefushwe mara ngapi? Wengi watasema mara mbili, wapime uzi wa sentimita 50 waone bembeo 10 ni kama sekunde 14 tu, waendelee kuhangaika kidogo. Wakifika 100 na kupata 20, hapo ndipo unaingia na kanuni ya kipeo cha pili ubaoni, yaani muda mara mbili unataka urefu mara nne, maana sasa wana namba za kuibandika.