Kabla hujafungua holda ya ghorofani: fuata nyutro mpaka inakoishia

Kazi yenyewe ni ndogo. Holda ya taa ya chumba cha juu, katika nyumba ya mawe pale Mkomani, Lamu, imeliwa na chumvi ya bahari. Skrubu zimeota kijani, taa inacheza, na mwenye nyumba anataka holda mpya kabla ya magharibi. Ni kazi anayopewa mwanagenzi akiwa wiki ya pili ya atachimenti. Mimi ilinirusha kutoka kwenye ngazi nikiwa wiki hiyohiyo ya pili, na mahali pa kuangukia palikuwa kitanda cha samadari, alhamdulillahi. Kwa hiyo haya ya kutazama kabla bisibisi haijatoka mfukoni nayaandika kwa yule anayeanza sasa, na kwenye nyutro nitakaa zaidi, maana ndiyo iliyonirusha.

Anza na mchoro. Nyumba nyingi kongwe za hapa hazina, basi chora mwenyewe kwa penseli nyuma ya karatasi yoyote, na fundi wako aukague. Mchoro wa saketi si ramani ya nyumba. Mstari mrefu haumaanishi waya mrefu, wala taa iliyochorwa karibu na swichi si lazima iwe karibu nayo ukutani. Unachouliza mchoro ni mambo matatu tu: laivu inatoka breka ipi, inakatwa na swichi ipi, na nyutro inarudi wapi. Wanagenzi wengi hujibu mawili ya kwanza, wakaridhika na mstari mmoja mweusi unaopotea pembeni mwa karatasi. Hapo ndipo tatizo linapojificha.

Chukua holda yenyewe. Nyaya nyingi za taa hupigwa kwa kuruka kutoka taa hadi taa, kwa hiyo ndani ya kifuniko cha darini unakuta laivu ya kudumu inayoingia na kuendelea mbele, nyutro inayoingia na kuendelea mbele, waya uliotoka swichini, na athi. Mchoro ukikuonyesha nukta mahali ambapo mistari miwili inakutana, hapo nyaya zimefungwa pamoja. Mistari ikipitana bila nukta, haigusani. Ukishaona laivu ya kudumu imechorwa ikipita darini utaelewa mara moja kwamba kuzima swichi ya ukutani hakukupi usalama wowote. Taa imezimika, lakini 240 V bado ziko pale juu, sentimita mbili kutoka kidole chako.

Sasa taa ya ngazi, ile unayowasha chini na kuzima juu. Kila swichi ina pini tatu: moja imeandikwa COM, nyingine L1 na L2. Laivu inaingia COM ya swichi ya chini. Nyaya mbili zinaunganisha swichi hizo, L1 kwa L1 na L2 kwa L2. Kutoka COM ya swichi ya juu waya unakwenda kwenye taa. Fuata kwa kidole kwenye karatasi: taa ikiwa imewaka, waya mmoja kati ya zile mbili una moto. Taa ikiwa imezimwa, bado mmoja una moto, ila ni ule usiofika kwenye taa.

Huko nako kuna mtego wa rangi. Nyumba zilizopigwa nyaya zamani zina nyekundu kwa laivu na nyeusi kwa nyutro, na kebo ya ngazi ina nyekundu, njano na buluu. Nyaya mpya zina kahawia kwa laivu na buluu kwa nyutro, na kebo ya ngazi ina kahawia, nyeusi na kijivu. Ghorofa moja ikipigwa zamani na nyingine ikaongezwa juzi, utakuta buluu yenye moto na nyeusi yenye moto ndani ya nyumba moja. Kwenye mchoro wako andika kazi ya waya, usiandike rangi peke yake.

Nirudi kwenye ile siku. Boksi la breka lilikuwa na majina yaliyoandikwa kwa kalamu: breka ya tatu TAA CHINI, ya nne TAA JUU, zote za 6 A. Fundi alizima ya nne. Tukapanda, tukapima kwenye holda: laivu na nyutro, sifuri, laivu na athi, sifuri, nyutro na athi, sifuri. Akashuka kutafuta skrubu. Mimi nikalegeza nyutro mbili nyeusi zilizobanwa pamoja, nikazitenganisha, moja mkononi, mkono wa pili nimeshika boksi la chuma la darini. Mtoto wa nyumba akawa anashuka ngazi gizani, akawasha taa.

Aliyepiga nyaya za nyumba ile alichukua laivu ya taa ya ngazi kutoka saketi ya chini, kwa kuwa swichi ya kwanza iko chini. Akafika juu akaona kurudisha nyutro hadi chini ni kazi ya kutoboa ukuta wa matumbawe wenye unene wa dhiraa nzima. Basi akaiunga kwenye nyutro ya taa iliyo karibu, ya saketi ya juu. Ndiyo mafundi wanayoiita nyutro ya kuazima. Taa ya ngazi inawaka vizuri miaka yote, hakuna anayejua.

Breka ndogo hukata laivu peke yake. Breka ya nne ilipozimwa, nyutro yake ilibaki imeungwa kwenye paa ya nyutro, kile kipande cha chuma kinachokusanya nyutro zote ndani ya boksi, na kwa kuwa imeungwa huko, kipimo kilisoma sifuri kwa haki kabisa. Nilipoitenganisha, kipande kilichoelekea taa ya ngazi hakikuwa tena na njia ya kurudi. Taa ilipowashwa, laivu ya breka ya tatu ilipita swichi zote mbili, ikapita kwenye balbu, ikafika mkononi mwangu. Balbu ya kizamani ya wati 60 kwenye 240 V hupitisha 0.25 A, wakati kinga ya mvujo, ile swichi yenye kitufe cha T, hupangwa ikate kwenye 0.03 A. Nyumba ile haikuwa na kinga hiyo. Na hata ingekuwepo, ningekuwa nimeshika zile nyutro mbili, moja kila mkono, badala ya nyutro na boksi, na saketi zote mbili ziko chini ya kinga moja, isingeona kitu: umeme ungetoka na kurudi ukiwa sawasawa.

Kwa hiyo nyumba yoyote yenye taa ya ngazi, mimi sizimi breka moja. Nazima meni swichi, ile inayokata laivu na nyutro kwa pamoja, naifunga kufuli, na ufunguo unakaa mfukoni mwa anayeshika nyaya, si kwenye msumari ukutani. Kibao kinaning'inizwa: mtu yuko kazini, usiwashe. Wenyeji huambiwa mapema watoe samaki kwenye friji ikibidi, na waulizwe swali moja ambalo kwenye boksi halionekani: darini kuna sola na betri? Siku hizi inveta ni nyingi, na nyingine hulisha taa peke yake. Ukizima meni, inveta hudhani stima imepotea, nayo kwa utiifu inawasha taa kwa betri. Umezima chanzo kimoja ukaamsha kingine. Inveta nayo izimwe na ifungwe, na kwenye mchoro ichorwe kama chanzo cha pili.

Tokeni zikiisha si kuzima. Mtu akirudi kutoka sokoni akabonyeza tarakimu 20, stima imerudi. Stima kupotea mji mzima nako si kuzima, na kuna ubaya wake wa pekee: utazima breka isiyo ya saketi unayoishika, utapima, utasoma sifuri, na utaamini.

Kuhusu kupima. Bisibisi ya taa, ile tuliyozoea kuiita tesita, iache kwenye sanduku. Inahitaji umeme kidogo upite mwilini mwako ndipo iwake, na ukiwa juu ya ngazi ya mbao umevaa viatu vya mpira inaweza kukaa kimya juu ya waya wenye moto. Tumia kipimo cha ncha mbili. Kwanza kiguse mahali unapojua pana moto, kwa mfano kwenye soketi kabla hujazima. Kisha pima pale unapofanya kazi, jozi zote tatu nilizotaja. Kisha kirudishe mahali penye moto uone bado kinasema kweli. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa, nayo ndiyo inayokuambia kama kipimo kilikufa katikati ya kazi. Meni ikiwa imefungwa huna pa kukijaribia ndani ya nyumba, wala stima ikipotea mtaani, kwa hiyo beba kile kiboksi cha betri kilichotengenezwa kwa kujaribia vipimo. Fundi asiye nacho aahirishe kazi, na wewe mwanagenzi una haki ya kumkumbusha, kwa adabu: "Fundi, tukithibitishe kwanza?" Na ukishatenganisha nyutro, kila ncha ipimwe kivyake na athi kabla ya kuguswa tena, hata kama dakika moja nyuma ilisoma sifuri.

Je, nyutro ya kuazima utaijuaje kabla haijakupiga? Meni imefungwa, umethibitisha hakuna moto, na fundi yupo. Toa balbu ya ngazi, unganisha pini mbili za holda yake kwa kipande cha waya. Toa laivu ya breka ya tatu, na nyutro za saketi zote mbili kutoka kwenye paa. Weka kipimo cha mwendelezo, kile kinacholia njia ikiwa imeungana, kati ya laivu ya tatu na nyutro ya tatu, huku mwenzako anageuza swichi za ngazi. Kikilia, nyutro iko kwao. Kisipolia, hamishia kwenye nyutro ya nne. Kikilia hapo, umeipata. Toa kile kipande cha waya kabla ya kitu kingine chochote, la sivyo ukiwasha meni na taa ya ngazi utakuwa umefunga laivu na nyutro uso kwa uso.

Nyumba ya Mkomani hatukutoboa ukuta. Saketi mbili za taa ziliwekwa chini ya breka moja ya 6 A, maana taa zote za nyumba hazikufika hata nusu yake, na nyutro zao mbili zikakaa pamoja kwenye paa. Ndani ya mlango wa boksi fundi alibandika mchoro wangu wa penseli, akafuta kwa kalamu maneno TAA JUU na TAA CHINI, akaandika TAA ZOTE.