Somo: Kufunga hesabu ya droo jioni na kufikisha fedha benki

Funga mlango kwanza, ndipo ufungue droo. Toa chenji ya kuanzia kesho, uihesabu na kuiweka kando, kwa sababu ikichanganyika na mauzo utahangaika nayo usiku kucha.

Hatua ya pili ndiyo wengi huiruka: hesabu fedha kabla hujajua daftari linadai kiasi gani. Anayejua jibu mapema huhesabu hadi alifikie, na hapo ndipo makosa hujificha. Panga noti kwa thamani yake, funga bunda la noti mia moja moja, rudia hesabu kuanzia bunda la mwisho, kisha andika na utie sahihi.

Sasa linganisha. Chukua chenji ya asubuhi, ongeza mauzo taslimu, toa malipo yaliyotoka kwenye droo. Tuseme chenji ilikuwa 50,000, mauzo 842,000 na malipo 36,000: droo, pamoja na ile chenji uliyoweka kando, inapaswa kuwa na 856,000, lakini umekuta 829,000. Kabla ya kumtazama keshia kwa jicho baya, gawanya upungufu huo wa 27,000 kwa 9. Ukigawanyika bila baki, huenda tarakimu mbili zilibadilishana nafasi, kwa hiyo pitia stakabadhi moja moja. Hapa stakabadhi ya msambazaji inasema 63,000, na aliyeandika daftarini aliandika 36,000. Kugawanyika kwa 9 ni dalili tu, si ushahidi, na makosa yakiwa mawili huenda isionekane kabisa.

Fedha za benki zijazie fomu usiku huohuo, zitie kwenye mfuko uliofungwa kwa lakiri na kuziweka kwenye sefu. Asubuhi zipelekwe na watu wawili, kwa saa na njia zinazobadilika, ndani ya mkoba usioonyesha kilichomo. Nakala yenye muhuri wa benki ilinganishwe na daftari siku hiyohiyo.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, fedha zikizidi, je, naweza kuziweka akiba ya kufidia siku za upungufu?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Ziada nayo ni kosa: ama mteja amepunjwa chenji, ama kuna mauzo ambayo hayakuandikwa. Iandike kama ziada na uipeleke benki, kwani akiba ya namna hiyo humpa mwizi mahali pa kufichia.

Swali: Mauzo yangu ni makubwa, na kufikia alasiri droo imejaa. Nisubiri jioni?

Jibu: Usisubiri, dada. Weka kikomo cha droo, na kila kikifikiwa hamishia noti kubwa kwenye sefu yenye tundu la kudumbukizia, ukiandika saa, kiasi na sahihi mbili. Jioni kiasi hicho kiongeze kwenye fedha ulizohesabu, la sivyo utaona upungufu ambao haupo.