Laini ya nyumbani iko kwenye droo, ujue mwizi anaipenda hivyo hivyo

Ijumaa moja dada yangu alikua kazini Maskati, saa tatu kasoro usiku kwa saa za kule, yani Mombasa saa mbili kasoro. WhatsApp ikajitoa yenyewe, ikamwambia namba yake imesajiliwa kwenye simu nyengine. Akadhani ni intaneti inasumbua, akaweka simu mfukoni akaendelea na kazi. Baada ya kama dakika ishirini mama mdogo wetu wa Likoni akapata meseji kutoka kwa namba ya dada: "Shangazi nimekwama nitumie elfu 15, usipige simu siwezi kuongea." Mama mdogo akashtuka palepale, maana dada hajawahi kumwita shangazi, ni mama siku zote. Binamu yetu yeye hakushtuka, ashatuma 8,000.

Laini yenyewe ilikua kwenye kijisimu cha zamani ndani ya droo, imezimwa. Hapo ndipo shida ya sisi wa ng'ambo ilipo. Mtu aliyeko nyumbani laini yake ikiibiwa, netiweki inapotea mkononi mwake, hawezi kupiga wala kupokea, anauliza kulikoni. Sisi hatuoni kitu, laini inaweza kuwa ya mtu mwengine toka asubuhi na wewe uko kwenye basi unaenda kazini.

Watu wengi wanadhani namba iko ndani ya ile kadi. Haiko. Kadi ina utambulisho wake na siri yake ya kujitambulisha kwa mtambo, namba ya simu imeandikwa kwenye kompyuta za kampuni kwamba "0722 kadhaa wa kadhaa ni kadi hii". Ukipoteza simu ukaenda dukani, wanachofanya ni kufuta kadi ya zamani kwenye hiyo rekodi na kuweka kadi mpya, dakika chache tu kadi yako inakufa mpya inawaka. Mwizi anafanya kitu hichohicho, anajifanya ni wewe umepoteza simu, au ana mtu wa ndani anayemfanyia, wala haitaji kugusa simu yako. Ndio maana ile pini ya kadi, ile unayoulizwa ukiwasha simu, haizuii hili jambo. Inasaidia mtu akiiba kadi yenyewe akaichomeka kwengine, basi.

Sasa anajifanya vipi ni wewe? Jumatano ya wiki ileile dada alipigiwa na mtu anasema ni wa kastoma kea, anamtajia namba ya kitambulisho yote mpaka mwisho, na hilo ndilo lililomfanya aamini. Akaulizwa "tunahakikisha tu" mwaka wa kuzaliwa, na namba mbili anazozitumia pesa sana. Akajibu. Ukiangalia, hayo ndiyo maswali ambayo kampuni huuliza mtu akitaka kubadilishiwa laini. Namba ya kitambulisho sio siri jamani, tumeiacha kwenye madaftari ya getini na kwa mawakala kila mahali, kwa hiyo mtu kuijua haimaanishi chochote.

Halafu pesa. Pini ya pesa za simu nayo haiko kwenye kadi, iko kwa kampuni, mwizi akipata laini bado anaitaji pini. Lakini pini ya dada ilikua mwaka wake wa kuzaliwa, ule ule aliowaambia Jumatano. Wakachukua 43,000 zilizokuwemo, na juu yake wakakopa 12,000 kwa jina lake. Kwahiyo kabla ya yote, leo hii, badilisha hiyo pini kama ni mwaka, wako, wa mtoto, wa ndoa, wowote. Na usiweke akiba kwenye laini usiyoishika. M-Pesa ya Kenya inaruhusu mpaka 250,000 kwa muamala mmoja, yani akiba ya mwaka mzima inaweza kuondoka kwa kubonyeza mara moja. Peleka benki, lakini benki ambayo haitegemei namba za siri zinazotumwa kwa sms kwa laini hiyohiyo, la sivyo umehamisha pesa kutoka mfuko mmoja kwenda mwengine wa suruali ile ile.

Kama laini yako ni ya Safaricom, piga *100*100# ukiwa nayo iko hewani. Hiyo inafunga laini isibadilishwe kwa wakala wala mtu wa barabarani, mpaka mwenyewe uende duka lao na kitambulisho. Ifanye ukiwa bado nyumbani, au likizo ijayo, maana namba hizi za nyota ukiwa roming mara zinakubali mara zinagoma. Kwa laini za Tanzania, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako, ukikuta namba usiyoijua nenda ikafutwe. Na nyinyi wa Marekani namba yenu ya kule pia huibiwa hivihivi, ingia kwenye akaunti uwashe kufuli, Verizon wana SIM Protection ya kuzuia kadi isibadilishwe na Number Lock ya kuzuia namba isihamishwe kampuni nyengine, T-Mobile nao wanaiita SIM Protection.

WhatsApp ni dakika mbili: Settings, halafu Account, halafu Two-step verification, weka namba sita na uongeze imeili. Mwizi akipata sms ya kusajili bado ataulizwa hizo sita, akikosa anasubirishwa siku saba. Dada hakua nayo. Afueni moja ni kwamba aliyeingia hasomi meseji zako za zamani, hazihamii kwenye simu yake, anaona magrupu na zinazoingia kuanzia hapo, lakini kwa kuomba watu pesa hizo zinamtosha kabisa. Na kama laini ya nyumbani unaiwasha mara moja kwa mwezi, mimi ningehamisha WhatsApp iende kwenye namba ya nchi unayoishi, kuna Change number palepale kwenye Account. Laini ikilala miezi mingi kampuni inaweza kuichukua na kumuuzia mtu mwengine kihalali, na huyo naye atapokea sms zako za namba za siri bila kosa lolote.

Ukishuku, jipigie kwa simu nyengine. Kama inaita na kijisimu chako kimewashwa kimenyamaza, kuna mtu anayo. Usianze na WhatsApp, anza na kampuni ya simu, waambie wafunge laini na akaunti ya pesa, halafu benki, halafu familia kwa kuwapigia sauti. Dada alipoteza karibu dakika arobaini hapa kwa sababu alikua anapiga ile namba fupi ya kastoma kea, na namba fupi haishiki kutoka nje ya nchi kwa laini ya Oman. Tafuta leo namba yao ndefu inayoanza na +254 au +255, iandike kwenye simu na kwenye karatasi.

Kurudishiwa laini ilibidi asubiri likizo ya Disemba, walimtaka mwenyewe na kitambulisho. Ule mkopo aliandika malalamiko akaambatanisha ripoti ya polisi na kopi ya pasipoti yenye muhuri wa Oman kuonyesha siku ile hakuwa Kenya, na muhuri ndio uliowafanya waufute. Zile 43,000 hazikurudi. Mama mdogo sasa hatumi hata mia bila kumuuliza mtu jina la paka tuliyekua naye utotoni.