SOMO: Profoma tatu za ferabeto kwenye picha, namna ya kujua gani njo bei chini kweli

Hii wiki peke yake watu wane wamenitumia picha za profoma kwa Watsap na neno moja tu, "nichukue gani?". Naandika mara moja hapa, akiuliza mwingine nitamutumia hii.

Mfano ni wa jirani yangu hapa Lubumbashi, anajenga kule Ruashi. Alikuwa anatafuta barre 200 za chuma ya 12, yaani unene wa milimetre 12, urefu metre 12. Depo tatu, picha tatu.

Ya kwanza: dola 11 kwa barre, chini imeandikwa HT, depar depo.
Ya pili: dola 1.180 kwa tani, TTC, wanaleta mpaka shantye.
Ya tatu: franga 28.000 kwa barre, TTC, wanaleta bure.

Kwa macho ya haraka ya tatu inashinda. Siku ile dola ilikuwa franga 2.500, kwa hiyo barre ni dola 11,20, zote 200 ni dola 2.240, kodi ndani, kamiyo ndani. Jirani alikuwa ameshatoa franga mfukoni.

1. Picha. Omba karatasi nzima, pembe zote nne zionekane, na nyuma kama kuna maandishi. Ile mistari midogo ya chini njo inasema HT ao TTC, nani analipa kamiyo, na bei inadumu siku ngapi.

2. Hakikisha umesoma namba vizuri. Mkono wa huku unaandika 1 na mkia mrefu mpaka inafanana na 7. Kwa profoma ya kwanza mimi nilisoma 17. Totali ilikuwa 2.200, nikagawanya kwa 200, ikatoka 11. Kila mustari fanya hivyo, hesabu ikikataa uliza muuzaji usikisie.

3. Pesa moja. Franga zote geuza dola kwa to ya siku moja, ile muuzaji mwenyewe anakubali, hapana ile ya kambista wa barabarani.

4. Kodi. HT maana yake TVA bado haijaingia, zidisha kwa 1,16. TTC imeshaingia, usiguse. Ya kwanza 2.200 inakuwa 2.552. Kama karatasi haisemi kitu, uliza kwa maandishi, jibu libaki kwa simu.

5. Kuleta. Depar depo ni wewe unatafuta kamiyo. Jirani aliambiwa dola 90 ya kamiyo na 30 ya vijana wa kupakua. Na kumbuka "tunaleta shantye" inaishia kwa mulango, kupakua ni kwako isipokuwa wameandika, kwa hiyo ile dola 30 ongeza kwa zote tatu. Ya kwanza inafika 2.672.

6. Kipimo. Hapa njo nilianguka miaka iliyopita kwa nyumba ya mama yangu, kwa hiyo soma polepole. Nililinganisha barre na barre, nikachukua ya bei chini, chuma ikafika, fundi akashika moja akaniangalia tu. Ilikuwa nyembamba. Kwa karatasi iliandikwa 12, kwa mkono ilikuwa 11. Muuzaji akasema "ni 12 ya biashara", na pesa nilikuwa nimeshalipa yote. Barre si kipimo, barre ni umbo tu, kipimo cha chuma ni kilo. Uzito wa metre moja unaupata hivi, d ni unene kwa milimetre:

```
kilo kwa metre = d x d / 162
```

Chuma ya 12 inatoa karibu 0,888, mara metre 12 ni kilo 10,66 kwa barre. Ya 11 inatoa karibu kilo 8,96. Upungufu wa asilimia nne ao tano ni kawaida ya kiwanda, ila barre ikiwa chini ya kilo 10,2 hiyo si 12 tena. Usipime kwa pyeakulisi juu ya zile mbavu za chuma, itakudanganya, weka barre tano kwa balansi ya depo na ugawanye. Balansi hawana? Pima kipande cha metre moja kwa duka lolote. Na hakikisha urefu kwa metre ya mkononi, usiamini 12 ya mdomo. Fanya hii MBELE ya kulipa.

Tulienda depo ya tatu na jirani. Barre tano, kilo 44,8. Yaani 8,96 moja.

Sasa gawanya kila totali kwa kilo utakazopata kweli. Ya kwanza (tulipima, iko 12 sawa) dola 2.672 kwa kilo 2.131, ni 1,25 kwa kilo. Ya pili kilo zilezile 2.131 zinafanya dola 2.515, na kupakua 2.545, ni 1,19. Ya tatu 2.270 na kupakua, ila kilo ni 1.792 tu, ni 1,27. Ile ya bei chini imekuwa ya bei juu, na enjenia alichora 12, nguzo ingekuwa na chuma pungufu kwa asilimia 16. Jirani alichukua ya pili.

MASWALI

Jamaa wa komine Kenya: mukubwa niko na profoma mbili hizi hapa, gani nzuri?
— Picha imekatwa chini. Somo namba 1.

Jamaa wa Kenya: lakini bei inaonekana
— Bei inaonekana, TTC haionekani. Rudisha picha nzima kwanza.

Mama Kampemba: Aksanti papa. Mimi ninanunua kwa kampuni yetu, TVA tunairudishiwa. Nitahesabu vilevile?
— Swali nzuri sana mama. Kama kampuni inakata TVA kwa deklarasyo yake, linganisha kwa HT: zile za TTC gawanya kwa 1,16. Ya pili hapo juu inakuwa dola 1.017 kwa tani. Ila hiyo inafaa kama muuzaji anatoa fakture yenye TVA imeandikwa peke yake na namba yake ya kodi. Karatasi ya kawaida haikatwi, basi kwako pesa yote inabaki gharama.

Muuza vyuma: Munaharibia wauzaji jina. Wateja wenyewe wanaomba nyembamba.
— Sina ubaya na 11, kaka. Andika 11 kwa profoma na uuze kama 11. Mimi nalalamika juu ya karatasi inayosema 12.

Katuba: na kama depo inauza kwa tani, nyembamba si inanifaa, nitapata barre nyingi?
— Utapata nyingi, ndiyo, karibu 238 kwa kilo zilezile. Lakini fundi ataweka nne kwa nguzo vile mupango unasema, na nguzo itakuwa dhaifu. Kwa tani pia pima barre moja moja.

Fundi Kamalondo: Ongeza hii: kama kamiyo ni ya metre sita wanakunja chuma katikati. Kuinyoosha kunakula nusu siku, na pale pa kunjo mimi ninakata ninatupa.
— Kweli kabisa, nilisahau. Ulizeni kamiyo ni ya metre ngapi, na jibu liandikwe kwa profoma pale pa kuleta. Fundi, wewe unakata urefu gani pale pa kunjo?

Fundi Kamalondo: Kwa ya 12, santimetre 30 hivi. Ya 8 ninanyoosha tu.