Kumthibitishia mnunuzi kontena la parachichi za Rungwe kwa barua pepe

Uko Rotterdam au Leicester, ndugu zako wanavuna parachichi aina ya Hass kule Rungwe, na umewapatia mnunuzi. Mmeelewana bei kwa simu, kisha anakwambia: nitumie uthibitisho kwa barua pepe. Hiyo ndiyo barua itakayofunguliwa siku kontena likifika na matunda yamelainika, kila upande ukitafuta humo nani alipe. Kwa hiyo iandike ukiwa na siku hiyo akilini.

Andika rasimu kwa Kiswahili kwanza, uirushe WhatsApp kwa meneja wa pakihausi, yaani jengo la kufungashia matunda, na viongozi wa ushirika wa wakulima. Wakikubali mstari kwa mstari ndipo uihamishie kwenye lugha ya mnunuzi. Wao ndio watakaobanwa na kila namba uliyoiandika, na ni wao wanaojua kama inawezekana. Sentensi ya mwanzo kabisa iseme muuzaji ni nani. Ukiandika "ninathibitisha kukuuzia", umejifanya muuzaji wewe binafsi, na madai yatakufuata mlangoni kwako. Andika kwamba unawasilisha kwa niaba ya ushirika, taja jina lake kamili la usajili, na uwape nakala.

Sasa bidhaa yenyewe. "Hass daraja la kwanza" haitoshi. Mnunuzi wa Ulaya anataka kujua saizi, ukavu na joto la tunda. Saizi huhesabiwa kwa idadi ya matunda yanayojaa boksi la kilo 4: saizi 18 maana yake matunda 18, kila moja kati ya gramu 203 na 243. Ukavu ni sehemu ya nyama ya tunda inayobaki baada ya maji yote kukaushwa. Kiwango cha chini cha Hass sokoni Ulaya ni asilimia 21, na wanunuzi wengi hudai zaidi ya hapo. Tunda lililochumwa changa haliivi vizuri. Linasinyaa na nyama inabaki kama mpira. Kosa hilo halionekani siku ya kufungasha, kwa sababu kwa macho tunda linapendeza tu. Ndiyo maana barua itaje kipimo kilichukuliwa lini, kwenye sampuli ya shamba lipi. Na kama ushirika unachanganya matunda ya chini kuelekea Kyela na ya juu kwenye baridi, sema hivyo au, bora zaidi, usichanganye. Kwenye baridi tunda hukomaa taratibu, na mchanganyiko huo ukifika unaiva vipande vipande, jambo ambalo mwenye chumba cha kuivishia halivumilii.

Kwenye wingi, achana na "tani 21". Nyumbani kilo huhesabiwa shambani, mnunuzi anahesabu maboksi yaliyofungwa, na katikati kuna matunda yaliyokataliwa. Kontena la baridi la futi 40 kwa kawaida hubeba paleti 20, kila moja maboksi 264. Hayo ni maboksi 5,280, sawa na kilo 21,120 za matunda matupu bila uzito wa boksi. Kila paleti iwe ya saizi moja, na ugawanye hivi: saizi 16 paleti 4, saizi 18 paleti 8, saizi 20 paleti 6, saizi 22 paleti 2. Kisha uombe nafasi ya kusogea, kwa mfano paleti mbili kwenda saizi ya jirani. Mti haujui ulichoahidi, na mvua ikibadilika saizi nazo zinabadilika. Bila nafasi hiyo, paleti moja ya 22 badala ya 20 inampa mnunuzi sababu ya kukata bei. Ongeza pia kwamba uzito wa kilo 4 ni wa siku ya kufungasha, maana tunda hupoteza maji njiani.

Sehemu ya usafirishaji ndiyo inayogharimu zaidi. Wengi huandika FOB Dar es Salaam kwa mazoea. Hilo ni mojawapo ya masharti ya kimataifa ya biashara yaitwayo Incoterms, yanayosema gharama na hatari zinahamia wapi kwa mnunuzi. Kwa FOB, hatari ni ya muuzaji mpaka mzigo uwe ndani ya meli. Maana yake ni kwamba kilomita zaidi ya 800 za barabara, foleni ya Mlima Kitonga, jenereta ya kontena ikizimika usiku, na siku ambazo kontena litakaa bandarini likisubiri meli iliyochelewa, zote ziko mabegani mwa ushirika. CIF nayo inadanganya watu: muuzaji analipa nauli na bima hadi bandari ya mnunuzi, lakini hatari inahamia kwa mnunuzi mzigo ukishapakiwa melini Dar. Tena bima ya chini kabisa inayodaiwa na CIF hailipi hasara ya mashine ya baridi kuharibika. Kwa mzigo wa kontena, FCA ya Incoterms 2020 inafaa zaidi, ikitajwa mahali kamili: mlango wa pakihausi, Tukuyu. Hapo lori ni la mnunuzi, na hatari inahama kontena likishapakiwa. Mnunuzi akiikataa FCA na kung'ang'ania FOB, basi bei ipande kufidia njia hiyo, na barua iseme nani analipa umeme wa kontena meli ikichelewa.

Usisahau joto. Kontena hutunza baridi tu, halipoozi tunda lililoingia na moto. Kwa hiyo ahadi ya muuzaji ni joto la ndani ya tunda wakati wa kupakia.

Kiini cha barua kinaweza kuwa hivi:

"Kwa niaba ya Ushirika (jina kamili), tunathibitisha kama ifuatavyo. Hass, daraja la I, maboksi 5,280 ya kilo 4 halisi siku ya kufungasha, paleti 20: saizi 16 paleti 4, 18 paleti 8, 20 paleti 6, 22 paleti 2, na paleti zisizozidi 2 zinaweza kuhamia saizi ya jirani. Ukavu usiopungua asilimia 23, taarifa ya kipimo imeambatishwa. Joto la ndani ya tunda wakati wa kupakia lisizidi nyuzi 7, kontena liwekwe nyuzi 5.5 za Selsiasi. FCA pakihausi, Tukuyu, Incoterms 2020. Muuzaji: cheti cha afya ya mimea na kibali cha kutoa mzigo nchini. Mnunuzi: kontena, lori, jenereta, gharama za bandari, nauli ya meli na bima. Kipima joto chenye namba (…) kitawekwa kwenye paleti ya mwisho karibu na mlango. Malalamiko ya ubora yafike ndani ya saa 48 baada ya kontena kufunguliwa, yakiwa na picha na ripoti ya mkaguzi huru. Masharti haya yataanza kutufunga tukipata jibu lenu la kukubali kabla ya Ijumaa 12 Juni 2026, 16:00 saa za Dar es Salaam."

Zingatia tarehe na saa zilivyoandikwa. 06/12 kwa mmoja ni Juni, kwa mwingine ni Desemba, na "saa kumi" ya Tukuyu si saa kumi ya Rotterdam. Namba ya akaunti ya benki isikae humu. Iende kwenye ankara, na mnunuzi aihakiki kwa kupiga simu kwenye namba anayoijua tangu mwanzo, kwa sababu matapeli huingilia barua pepe na kubadilisha akaunti.

Mnunuzi akijibu "sawa, ila tupunguze saizi 22", usimjibu "sawa" juu ya barua ile ile. Tuma barua nzima upya, kichwa chake kikisema Toleo la 2, na mstari wa kwanza ukieleza kwamba toleo la awali limefutwa.